Ndui ya Kuku Unguja na Pemba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kuku wangu wameota vitu kama chunjua kwenye upanga na pembezoni mwa macho. Je, hiyo ndiyo ndui?

Yaelekea ndiyo, lakini tazama kwanza jinsi vilivyoanza. Ndui ya kuku huanza kwa kipele kidogo cheupe au cha rangi ya majivu, kisichozidi punje ya mtama, ambacho kwa siku chache zinazofuata hukua, hugeuka manjano, hukutana na vipele vya jirani na hatimaye hukauka na kuwa kigaga kigumu cha rangi ya kahawia au cheusi. Kigaga hicho hukaa kati ya wiki mbili na nne, kisha huanguka chenyewe. Mahali pake hutokea kwenye ngozi isiyo na manyoya, yaani kwenye upanga, ndevu, kope, pembe za mdomo, na mara nyingine miguuni au kwenye ngozi inayozunguka tundu la haja.

Kinachowachanganya wafugaji wengi ni vidonda vya kupigana. Majogoo wawili wanaogombania mitetea huumizana upanga, na damu iliyoganda huonekana kwa mbali kama kigaga cha ndui. Tofauti ni kwamba kidonda cha kudonolewa hutokea ghafla, huwa na mstari au mchubuko, na ngozi inayokizunguka ni laini. Ndui huinua ngozi yenyewe kutoka ndani, hata ukipitisha kidole unahisi uvimbe mgumu uliojishika chini. Tena kuku wa kupigana ni mmoja au wawili, ilhali ndui, ukiangalia kundi zima kwa makini, utaikuta kwa kuku kadhaa walio katika hatua tofauti: mmoja ana vipele vipya, mwingine vigaga, wa tatu ameanza kupona.

Je, ni ndui ileile iliyokuwa ikiwapata watu, au ni tetekuwanga?

Hapana. Ndui ya binadamu ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, nayo ilisababishwa na kirusi kingine. Tetekuwanga ni ya jamii nyingine kabisa. Kirusi cha ndui ya kuku hakimpati mtu, kwa hiyo mtoto aliyemshika kuku mgonjwa anahitaji kunawa mikono tu, asije akavibeba vigaga hadi kwenye banda la jirani.

Baadhi ya kuku wangu hawana kipele hata kimoja, lakini wana utando wa manjano mdomoni na wanahema kwa shida. Nao wana ndui?

Huenda wanayo, na hii ndiyo sura ya ndui inayoua. Kirusi ni kilekile, ila badala ya kushika ngozi ya nje kimeshika ngozi laini ya mdomo, koo na njia ya hewa. Huanza kwa madoa meupe kwenye ulimi au kwenye kaakaa, kisha madoa hupanuka na kuungana yakawa utando mzito unaofanana na jibini au mtindi ulioganda. Ukiwa mdomoni tu, kuku hushindwa kula na hukonda. Ukishuka hadi kwenye tundu la hewa lililo nyuma ya ulimi, kuku hunyoosha shingo, hufungua mdomo, hutoa sauti ya kukoroma, na anaweza kufa kwa kukosa pumzi hata kabla hajakonda. Kwa ndui ya ngozi peke yake vifo huwa vichache, lakini pale ndui ya mdomoni inapotawala, kundi linaweza kupoteza hata nusu ya kuku wake.

Namna ya kupambanua ni kumfungua mdomo kuku mahali penye mwanga na kujaribu kuusogeza utando kwa kijiti kilichofungwa pamba. Utando wa ndui umeshika, na ukiulazimisha hutoka na kuacha kidonda kibichi kinachovuja damu. Kuku aliyepungukiwa vitamini A naye huota vijivimbe vyeupe mdomoni na kooni, lakini vyake ni vidogo vidogo kama vichwa vya pini, wala havimletei vigaga upangani. Mafua makali ya kuku huvimbisha uso na kutoa kamasi lenye harufu mbaya, ilhali mdomo kwa ndani huwa safi. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huenda kwa kasi kubwa zaidi: kuku huharisha kijani, hupinda shingo na hufa wengi ndani ya siku chache. Kwa hiyo ukikuta kuku ana utando mdomoni na mwenzake wa banda hilohilo ana vigaga upangani, jibu lipo karibu sana na ndui. Usipokuta kigaga kwa kuku hata mmoja, mwite daktari wa mifugo kabla hujatia dawa yoyote, kwa sababu yapo maradhi mengine ya njia ya hewa yanayofanana na haya na ambayo macho peke yake hayatoshi kuyatambua.

Mbu anaingiaje katika habari hii?

Mbu ni sindano inayoruka. Kirusi cha ndui hakina uwezo wa kupenya ngozi nzima ya kuku. Kinahitaji mlango, hata uwe mdogo kama tundu la sindano, na mdomo wa mbu ndio unaoufungua mlango huo usiku. Mbu akimnyonya kuku mwenye vipele, kirusi hubaki kwenye mdomo wake, naye huweza kukipandikiza kwa kuku wengine kwa wiki kadhaa baadaye. Hakuna haja ya kirusi kuzaliana ndani ya mbu kama vile vimelea vya malaria vinavyofanya. Mbu hapa ni mchukuzi tu, na ndiyo maana mbu wa aina nyingi wanaweza kuifanya kazi hii.

Ukilielewa jambo hili utaelewa pia kwa nini vipele vinatokea pale vinapotokea. Kuku aliyelala juu ya kitaramba amefunikwa na manyoya mwili mzima, isipokuwa upanga, ndevu, kope na miguu. Mbu hana pengine pa kuuma.

Katika visiwa vyetu mbu hao wanatoka sehemu mbili kubwa. Wale wa usiku wanaojaa kwenye nyumba huzaliwa katika maji machafu ya mashimo ya vyoo na makaro, ambayo hayakauki hata wakati wa kiangazi, na hii ndiyo sababu ndui huweza kuonekana mwezi wowote wa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi, wataalamu waliokuwa wakipambana na matende walimwaga chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya mashimo ya vyoo, viluwiluwi wakakosa pa kupumulia na mbu wakapungua sana. Kazi ile ilifanywa kwa ajili ya watu, lakini inatuonyesha wapi pa kutazama: mara nyingi banda la kuku limejengwa uani, hatua chache kutoka chooni. Wa pili ni mbu wa mchana na jioni, ambao huzaliwa katika maji safi kidogo yaliyotuama kwenye vifuu vya nazi, makopo, matairi na hata chombo cha kunyweshea kuku kisichosafishwa. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Disemba, huvijaza vifuu vyote hivyo kwa pamoja, na wiki chache baadaye ndui huzidi.

Nikiwamaliza mbu, nitakuwa nimeimaliza ndui?

Hapana, ingawa utakuwa umeipunguza sana. Vigaga vinavyoanguka vimejaa kirusi, na ndani ya kigaga kikavu kirusi huishi kwa miezi mingi kikiwa kimejificha kwenye vumbi, kwenye nyufa za mbao na chini ya takataka za banda. Kuku anayedonolewa, anayejikwaruza kwenye waya au anayevuta vumbi hilo anaweza kuambukizwa bila mbu yeyote kuhusika. Hii ndiyo njia ndui inavyorudi kwenye banda lililokaa tupu.

Hata hivyo usidharau hatua dhidi ya mbu, kwa kuwa zinagharimu kidogo. Kwa joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda wa siku saba hadi kumi, kwa hiyo kumwaga maji ya vifuu na makopo mara moja kila wiki kunatosha kuukata mzunguko huo. Vifuu vigeuzwe vifudifudi au vitiwe jikoni. Chandarua kikuukuu kinachofunika madirisha ya banda wakati wa magharibi hufanya kazi nzuri, mradi kisizuie hewa. Kuhusu moshi wa makumbi, ambao wazee wetu wamekuwa wakiutumia tangu zamani, ni kweli mbu huukimbia. Lakini usiuwashe ndani ya banda lenye kuku wenye utando kooni. Kuku ambaye tayari anahema kwa shida humwongezei siku kwa kumfukiza.

Kwa nini ugonjwa hauishi? Kila nikidhani umekwisha, kuku wengine wanaanza.

Kwa sababu ndui hutembea polepole. Tangu kirusi kinapoingia hadi kipele kinapoonekana hupita siku nne hadi kumi, na kuku mmoja huugua kwa wiki tatu au nne. Kuku wa kwanza anapokuwa na vigaga ndipo mbu wanapowabebea wa pili, na hao wa pili wakikomaa wanawabebea wa tatu, hivyo kundi zima linaweza kuchukua miezi miwili au zaidi. Mwendo huu unachosha, lakini una faida moja ambayo wafugaji wengi hawaitumii: tofauti na kideri, ndui inakupa nafasi ya kuwachanja kuku ambao haijawafikia. Suala hili linajibiwa kwa urefu hapo chini.

Ipo dawa ya kuitibu?

Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Unachoweza kufanya ni kumsaidia kuku asife kwa njaa, kwa upofu au kwa maambukizi mengine yanayofuatia. Macho yaliyozibwa na vigaga yaoshwe mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mpaka kope zifunguke, kwani kuku asiyeona chakula hali, na huyu ndiye anayekufa kimyakimya pembeni ya banda. Vidonda vya nje vipakwe dawa ya iodini. Chakula kiwe laini, kama pumba iliyorowekwa, na maji yawe karibu. Majani mabichi kama mchicha na majani ya kisamvu yaliyopikwa huongeza vitamini A, inayosaidia ngozi laini ya mdomo kujijenga upya.

Antibiotiki haigusi kirusi. Daktari anaweza kuiagiza endapo vidonda vimeingia usaha au kifua kimeshambuliwa na bakteria, na akikuandikia, muulize siku ngapi mayai yasiliwe.

Usibandue vigaga. Najua mkono unawasha kuvitoa, na wapo wanaovitoa kisha kupaka majivu au mafuta ya taa. Kigaga kilichobanduliwa huacha jeraha wazi, humwaga kirusi sakafuni, na mafuta ya taa huichoma ngozi karibu na jicho. Utando wa mdomoni nao usiung'oe, isipokuwa kipande kilicholegea ambacho kinaziba kabisa tundu la hewa, na hicho kitolewe kwa kibano kwa uangalifu.

Chanjo hutolewa lini na namna gani?

Chanjo ya kawaida ni kirusi hai kilichokaushwa, kinachouzwa katika kichupa pamoja na maji yake maalumu. Kuku huchanjwa mara moja, kwa kawaida akiwa na umri wa wiki sita hadi kumi, na kuku wa mayai awe amechanjwa angalau wiki nne kabla ya kuanza kutaga. Kwa visiwa vyetu ni busara kulenga Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli, kwa sababu kinga hukamilika takriban siku kumi hadi kumi na nne baada ya kuchanja.

Wengi wamezoea chanjo ya kideri ya tone la jicho au zile zinazotiwa kwenye maji ya kunywa, na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Chanjo hii ya ndui haifanyi kazi ikinywewa. Ni lazima iingie katika ngozi, na mahali pake ni utando wa bawa, yaani ngozi nyembamba ya pembe tatu unayoiona mbele ya kiwiko cha bawa ukilikunjua.

Kichupa kikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani hadi bandani, ndani ya deli lenye barafu. Usikifungue mpaka kuku wote wamekwisha kufungiwa na wasaidizi wapo. Tia maji yake, tikisa taratibu mpaka unga uyeyuke wote, na tangu dakika hiyo una saa mbili tu, ukiwa kivulini na kichupa kikiwa kimezungukwa na barafu. Msaidizi anamshika kuku na kulikunjua bawa, upande wa chini ukitazama juu. Wewe unachovya sindano ya ncha mbili inayokuja na chanjo, unahakikisha matundu au mifereo yake imejaa, unapangusa manyoya kando kwa kidole, kisha unapenyeza sindano kutoka chini hadi itokeze upande wa pili, ukiepuka mshipa wa damu, nyama na mfupa. Chovya upya kwa kila kuku. Sindano ikipita kwenye manyoya, chanjo yote hupanguswa hapo na kuku anabaki na tundu tupu.

Usiipanguse ngozi kwa spiriti wala sindano kwa dawa ya kuua vijidudu. Sindano ichemshwe, ipoe, itumike. Kirusi cha chanjo ni kiumbe hai, nacho spiriti inakiua kama inavyoua vingine.

Kichupa hutengenezwa kwa dozi nyingi, mara nyingi 100, 200 au zaidi, hivyo mwenye kuku 20 hujiona anapoteza fedha. Njia nzuri ni majirani wa shehia moja kupanga asubuhi moja. Njia mbaya, ambayo nimeiona zaidi ya mara moja, ni kuongeza maji ili chanjo ienee, au kukifunga kichupa kilichobaki na kukirudisha kwenye friji kwa ajili ya wiki ijayo.

Nitajuaje kwamba chanjo imeshika?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi kuliko linavyoulizwa, kwa sababu ndui ni miongoni mwa chanjo chache zinazokuachia alama ya kusoma kwa macho. Siku ya saba hadi ya kumi baada ya kuchanja, kamata kuku wachache kutoka pembe tofauti za banda na ulitazame bawa pale ulipochoma. Chanjo iliyoshika huacha uvimbe mdogo mgumu au kigaga, mara nyingi juu na chini ya utando. Usiangalie siku ya pili, kwani wekundu wa siku hiyo ni wa jeraha la sindano tu. Usingoje wiki ya nne, kwani kigaga kitakuwa kimeanguka.

Kati ya kuku kumi uliowakamata, wanane au zaidi wakiwa na alama, kazi imefanyika. Wakiwa chini ya hapo, tafuta kosa na uchanje tena kwa kichupa kipya. Kipo kisa kimoja tu ambapo kukosa alama si kosa: kuku mkubwa aliyewahi kuugua ndui au kuchanjwa zamani ana kinga tayari, na kwake chanjo haiachi kitu. Mtazame upanga, makovu yake yatakuambia.

Ndui imeshaingia bandani. Bado nichanje, au nimechelewa?

Tuchukue mfano wa banda la kuku 60 huko Wete, mwishoni mwa Mei, wote wakiwa na umri wa zaidi ya wiki nane na hawajawahi kuchanjwa. Asubuhi moja mfugaji anaona vipele kwa jogoo mmoja na mitetea mitatu. Hao ni wanne kati ya 60, yaani mmoja kati ya kila kumi na tano. Kanuni inayofuatwa ni kwamba kama wagonjwa hawajafika theluthi moja ya kundi, inafaa kuwachanja wazima mara moja. Wakizidi hapo, wengi wa wale wanaoonekana wazima wamekwisha kuumwa na mbu wale wale, na chanjo itafika baada ya kirusi.

Siku hiyo anawatenga wanne katika tenga lililofunikwa kwa chandarua, na baada ya siku mbili anapata chanjo. Anawachanja 56 wazima siku hiyohiyo, bila kumwacha hata mmoja, kwa sababu vigaga vya chanjo navyo vina kirusi hai. Wagonjwa hawaguswi, kwani chanjo haitawaponya, na kuwashika kati ya kuku mmoja mzima na mwingine ni kuibeba ndui kwa mkono. Kazi inaanza saa mbili asubuhi. Kuku 30 wanachanjwa kwa muda wa saa moja, kisha mvua inanyesha, watu wanasimama, barafu inayeyuka, na wale 26 waliobaki wanamaliziwa karibu na adhuhuri kwa kichupa kilekile.

Ndani ya wiki moja kuku watano waliochanjwa wanatokwa na vipele usoni. Hapa ndipo jirani anaposema chanjo imewaletea ugonjwa. Haikuwaletea. Chanjo ya bawani huota bawani. Vipele vya usoni vilivyotokea siku ya tatu au ya nne vinatokana na kirusi kilichokuwamo mwilini kabla ya sindano, na watano hao wanahamishiwa kwa wenzao wagonjwa.

Siku ya tisa anakagua. Kwa kuwa alikuwa na busara ya kuwafunga kitambaa mguuni wale wa zamu ya pili, anawatazama kwa makundi: katika kumi wa zamu ya kwanza, tisa wana alama, katika kumi wa zamu ya pili, watatu tu. Angewachanganya angepata 12 kati ya 20, akabaki hajui kosa ni la sindano, la duka au la mkono wake. Sasa anajua kwamba chanjo ilikuwa nzima ilipofunguliwa, na kilichoiua ni saa nne na joto. Anachanja tena zamu ya pili peke yake, kwa kichupa kipya, wale wasio na alama wala vipele. Amepoteza siku tisa, lakini kwa mwendo wa ndui, kuku wengi wa zamu hiyo bado wanaweza kuokolewa. Asingekagua, angeligundua kosa hilo mwezi wa Julai kwa kuhesabu waliokufa.

Vifaranga wadogo wanaofuatana na mama yao wafanyweje?

Chanjo ya kawaida ni kali kwa kifaranga mchanga. Zipo chanjo zilizopunguzwa nguvu zinazoruhusiwa kwa umri mdogo, na karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo inayosema. Wakichanjwa wakiwa wachanga, hurudiwa baadaye. Usipoipata ya namna hiyo, wafunike kwa chandarua tangu magharibi, na uandike tarehe watakayotimiza wiki sita. Kuku wa kienyeji hutotoa kila mwezi, kwa hiyo banda lililochanjwa lote mwezi wa Februari huwa na kuku wengi wasio na kinga ifikapo Septemba.

Je, kuku aliyechanjwa ndui amekingwa na kideri pia?

Hapana. Kila chanjo ina ugonjwa wake. Usizichanganye katika kichupa kimoja, na panga siku zake pamoja na daktari wa mifugo.

Mayai na nyama vinaliwa?

Mayai yanaliwa, ingawa yatapungua, kwa kuwa kuku mgonjwa huacha au hupunguza kutaga. Kuku aliyepona na kunenepa analiwa bila wasiwasi. Aliyekonda, mwenye usaha au aliye ndani ya siku za dawa asichinjwe kwa chakula.

Njiwa na bata walio karibu na kuku wako hatarini?

Njiwa wana ndui yao, inayosababishwa na kirusi kilicho jamaa ya hiki. Bata mzinga hupata ndui ya kuku na hudhurika. Kwa bata wa kawaida ni nadra.

Kuku waliopona naweza kuwachanganya na wapya ninaonunua kwa ajili ya Idd?

Aliyepona ana kinga ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha yake yote, kwa hiyo hofu haipo kwake. Wa kuogopewa ni yule mgeni ambaye hajachanjwa na anaingia katika vumbi lenye vigaga, au mgeni anayetoka sokoni akiwa na kipele kimoja chini ya kope ambacho muuzaji hakukuonyesha. Kila kuku mpya atazamwe upanga, kope na ndani ya mdomo kabla fedha haijatoka mfukoni, kisha akae peke yake kwa wiki mbili, kwani kipele kikichelewa kabisa huchukua siku kumi kutokeza. Kama hana alama ya kuwahi kuugua, mchanje akiwa huko huko, na umchanganye na wengine baada ya kukiona kigaga bawani.

Banda lenyewe lifagiliwe vumbi likiwa limenyunyiziwa maji ili lisipeperuke, takataka zote zichomwe au zifukiwe mbali, nyufa za mbao zikwanguliwe, kisha kuta na vitaramba vipakwe chokaa. Chokaa juu ya vigaga ambavyo havijakwanguliwa hupendezesha banda tu. Kichupa kilichobaki na sindano vichemshwe pamoja, na kichupa kifukiwe. Kisitupwe jaani, ambako kuku wa jirani huenda kuchakura.